Picha imefika, ujumbe umeishia njiani: maswali na majibu

Mwenzangu kazini amenitumia picha ya jedwali la Excel na maneno haya tu: "Safu ya D inaleta #N/A, nataka i". Simu yake imezimwa mpaka jioni na jedwali linatakiwa leo. Nianzie wapi?

Anzia kwenye picha, sentensi utairudia baadaye. Picha uliyoniambatishia ina mambo mengi kuliko ujumbe wenyewe, na mengi kati yake mwenzako asingeyataja hata kama angemaliza kuandika.

Tazama ule mstari wa juu unaoonyesha fomula. Umeandikwa hivi:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!A:B,2)
```

Kwa hiyo safu ya D inachukua namba ya bidhaa kutoka safu ya A na kuitafutia bei katika karatasi inayoitwa Bei. Sasa shuka kwenye safu ya A. Namba nyingine zimeegemea kulia na nyingine zimeegemea kushoto, na hizi za kushoto zina kipembe kidogo cha kijani kwenye kona ya juu ya seli. Excel huegemeza namba kulia na maandishi kushoto, na kipembe hicho ndiyo njia yake ya kusema kwamba namba imehifadhiwa kama maandishi. Ukifuatisha mstari kwa mstari utaona kwamba kila penye kipembe, safu ya D ina #N/A. Chanzo cha kosa kimeonekana bila kumuuliza mtu.

Ndipo turudi kwenye ile "nataka i". Kiambishi hicho kinatufaa, maana katika sentensi hii kinarejea safu. Hakuwa akitaka kusema jambo kuhusu bei zote au karatasi nyingine. Alitaka safu ya D ifanye kitu, na nikiangalia kilicholalamikiwa naona miisho mitatu inayoelekea kuwa kweli: nataka ilete bei, nataka ibaki tupu, nataka iandike sifuri. Waulizaji wengi wa tatizo hili humaanisha mojawapo ya hayo.

Watu hukosea hapa kwa kuchagua mwisho mmoja na kuufanyia kazi yote. Mimi hutafuta kwanza kazi ambayo miisho yote inaihitaji. Hapa ipo. Hata kama alitaka seli tupu, hakutaka seli tupu kwa bidhaa ambayo bei yake ipo. Kwa hiyo namba zilizohifadhiwa kama maandishi lazima zisomwe kama namba, na hilo unaweza kulifanya sasa hivi:

```
=VLOOKUP(VALUE(A2),Bei!A:B,2,FALSE)
```

VALUE inageuza maandishi kuwa namba. Najua karatasi ya Bei ina namba halisi, ingawa haionekani kwenye picha, kwa sababu mistari yenye namba halisi ilipata jibu. Kile FALSE cha mwisho nimekiongeza kwa sababu fomula ya awali haikuwa nacho, na hili lina uzito kuliko #N/A yenyewe. Pasipo FALSE, VLOOKUP hutafuta kinachokaribiana, na orodha ya Bei ikiwa haijapangwa kwa mfuatano inaweza kuleta bei ya bidhaa nyingine kimyakimya. Bei zinazoonekana sawa kwenye picha ile huenda si sawa. Mwambie hivyo, hata kama hakuuliza.

Ukishaweka fomula hii, #N/A itakayobaki kwa kawaida inamaanisha bidhaa haimo katika Bei. Hapo ndipo njia zinapoachana. Seli tupu inayotengenezwa kwa IFERROR na alama "" ni maandishi machoni pa Excel, kwa hiyo safu nyingine ikiizidisha, kwa mfano bei mara idadi, italeta #VALUE!. Sifuri itazidishwa vizuri, lakini ukipiga wastani wa bei itaushusha wastani huo. Uchaguzi huo ni wake. Hifadhi nakala ya jedwali lilivyokuwa, fanyia kazi nakala ya pili, kisha mwachie ujumbe wa namna hii:

"Namba kadhaa za safu ya A zilikuwa zimehifadhiwa kama maandishi, nimeweka fomula inayozisoma kama namba na inayotafuta bei ileile, si inayokaribiana. Linganisha bei za zamani na mpya kabla ya kutuma. Ujumbe wako uliishia 'nataka i'. Bidhaa isiyokuwemo kwenye Bei, seli yake ibaki tupu au iwe 0? Kwa sasa nimeiacha ioneshe #N/A."

Nimependekeza #N/A ibaki kwa makusudi. Jedwali likilazimika kutoka kabla hajawasha simu, atakayelisoma ataona pengo na kuuliza. Sifuri uliyoibuni wewe ataiamini.

Nitajuaje kama mtu hakumaliza kuandika au ujumbe umekatwa na simu?

Kabla ya yote, fungua ujumbe wenyewe. Taarifa inayotokea juu ya skrini huonyesha mwanzo tu wa maneno, na maelezo marefu chini ya picha mara nyingi hukunjwa mpaka uguse sehemu ya kusoma zaidi. Nimeona watu wakiuliza "ulitaka kusema nini?" ilhali maneno yote yamo mle ndani.

Ukishafungua, angalia urefu. Katika programu za kutumiana ujumbe kupitia intaneti, ujumbe hufika mzima au haufiki. Kwa hiyo maneno machache yaliyokatika katikati ya neno huwa ni kidole kilichogusa alama ya kutuma, au kibonyezo cha Enter kwenye kompyuta, ambacho aghalabu hutuma badala ya kushuka mstari. Subiri dakika moja hivi, pengine bado anaandika kipande cha pili. Ujumbe wa kawaida wa simu ni tofauti. Ule wa herufi zetu za kawaida hubeba herufi 160, na ukiwekwa emoji uwezo hushuka hadi 70. Unaozidi hapo hugawanywa vipande, na kipande kikichelewa au kupotea unaweza kupata nusu ya habari. Maneno mengi yaliyokatika ghafla kwa njia hiyo, mwombe atume tena. Usimuulize alimaanisha nini, maana yeye anaamini ameshasema.

Na ukiona alama kwamba ujumbe umesambazwa, aliyekutumia huenda naye hajui mwisho wake. Swali liende kwa mwenye picha.

Nikimuuliza mteja "unataka nikusaidie nini?" ananyamaza, au anatuma picha ileile tena. Niulize vipi?

Swali lako linamrudisha mwanzo. Yeye anaona ameshaeleza, na wewe unaonekana hukuitazama hata picha. Mwonyeshe kwanza ulichokiona, taja neno lake la mwisho kama lilivyo, halafu mpe njia mbili za kuchagua. Tuseme amekutumia picha ya tangazo na maneno "Punguza hii na uweke". Mjibu: "Nimeiona picha ya tangazo. Maneno yako yameishia 'na uweke'. Nipunguze ukubwa wa faili ili litumike kirahisi, au nikate kingo ili ibaki sehemu ya katikati? Na cha kuweka ni nini?"

Zingatia kwamba hapo kuna mapengo mawili. "Weka" imekatika, hilo kila mtu analiona. Lakini "punguza" imekamilika na bado haieleweki, kwani upana, uzito wa faili na mwangaza vyote hupunguzwa. Pengo lisilo na alama ya kukatika ndilo linalopoteza kazi ya siku nzima. Chaguo mbili zinatosha. Ukimpa tano atajibu "ndiyo", nawe utabaki ulipokuwa.

Usisahau kumwambia utakachofanya akikaa kimya, ila tu kama kitu hicho kinaweza kutenguliwa. Kukata nakala ya picha kunatenguka, kuchapa mabango hakutenguki.

Nimepokea picha ya kitambulisho cha bosi wangu ikiwa na maneno "Itume haraka kwa". Najua huwa anatuma nyaraka zake kwa mhasibu. Nimtumie?

Usitume. Sehemu iliyokatika ndiyo anwani, na picha ya kitambulisho ikishamfikia mtu asiyestahili hakuna njia ya kuhakikisha imerudi. Kwamba kawaida humtumia mhasibu ni dalili nzuri tu ya jinsi ya kuuliza: "Nimtumie mhasibu?" Mpigie simu kwa namba unayoijua tangu zamani na usikie sauti yake. Ujumbe wa haraka, wenye hati nyeti na usiokamilika, unaweza pia kuwa umetumwa na mtu aliyeshika simu yake, na kumjibu kwa njia hiyohiyo ni kumuuliza mwizi kama yeye ni mwizi.

Dada yangu alinitumia picha ya chupa ya dawa ikiwa na maneno "mtoto amekunywa". Nilikaa nikisubiri amalizie. Nilipaswa kufanya nini?

Kupiga simu papo hapo. Huenda alitaka kusema mtoto amekunywa dozi yake vizuri, lakini mwisho mbaya ukiwa kweli, dakika za kusubiri hazirudishiki, na simu ya bure haimdhuru mtu. Picha ikusaidie ukiwa unapiga: soma jina la dawa, nguvu yake na kiasi kilichobaki kwenye chupa. Uliza umri na uzito wa mtoto, amekunywa kiasi gani na lini. Asimtapishe. Kama mtoto amelegea, anahema kwa shida au haamki, apige namba ya dharura. Asipokuwa na dalili bado apate ushauri wa kituo cha afya mara moja, akiwa na chupa yenyewe mkononi, kwa sababu dawa nyingine huchukua saa kadhaa kabla ya kuonyesha madhara.

Na mimi niliyetuma nusu ya ujumbe pamoja na picha, nifute au niandike tena?

Kama hajajibu, hariri. WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tangu utumwe, na maelezo ya chini ya picha pia. Lakini aliyekwisha kuusoma huenda asirudi kutazama, kwa hiyo akiwa ameshaona, jibu ujumbe wako mwenyewe ukiunukuu na uandike sentensi nzima upya. Usitume kipande kilichobaki peke yake, kwa sababu picha nyingine tatu zikiingia katikati, "upande wa kushoto tu" hakutakuwa na anayejua ni kushoto kwa picha ipi.