Anti anaposalimu kwanza: kuandika hadithi fupi ya mama wa viazi karai na mtoto mwenye njaa

Hadithi ya muuzaji wa barabarani na mtoto anayeona haya kuomba huharibika mara nyingi kwenye swali moja: "Una njaa?" Mtoto anaitikia, anapewa, machozi yanamtoka, hadithi inaisha. Lakini watoto wengi wa mitaa yetu wamefunzwa nyumbani kwamba mtu wa nje akikuuliza hivyo, jibu ni "Nimeshiba," hata kama tumbo linanguruma. Ukimruhusu mhusika wako ajibu "ndiyo" haraka, umeondoa kusita kwake, na kusita ndiko hadithi yenyewe.

Sababu ya kusita iko kwenye salamu. Shikamoo haisikiki sana Nairobi, ila mpangilio wake bado upo: mdogo ndiye anayeanza kumsalimu mkubwa. Sasa mtoto akimsalimu mama aliye mbele ya karai, swali linalofuata ni "Nikupatie vya ngapi?" na yeye hana kitu mfukoni. Kwa hiyo ananyamaza. Si kwamba hana adabu, ni kwamba salamu yake ingekuwa mwanzo wa biashara asiyoiweza. Mama akitangulia kusalimu, amembebea mzigo huo. Hicho ndicho kitendo kikubwa zaidi katika hadithi, kikubwa kuliko chakula chenyewe, na ningekiweka ndani ya aya tatu za kwanza.

Chagua saa kwa uangalifu. Tangu 2023 kaunti ya Nairobi imekuwa na mpango wa Dishi na County, ambapo wanafunzi wa shule za umma hula chakula cha mchana kwa mchango wa shilingi 5. Ukimsimamisha mtoto mwenye sare ya shule ya umma kibandani saa saba mchana siku ya Jumanne, msomaji wa hapa atajiuliza kwa nini hakula shuleni, na itabidi umweleze. Jumamosi jioni au wakati wa likizo ni rahisi zaidi. Mpe pia sababu ya kuwa njiani, kwa mfano ametumwa maji. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20 za maji, na mtoto wa miaka 9 hawezi kuubeba mbali, kwa hiyo mpe wa lita 5 au 10.

Halafu tumia karai kama saa yako. Viazi karai huchemshwa kwanza, humenywa, huchovywa kwenye unga wa ngano uliokorogwa na maji, chumvi na rangi ya manjano hadi uwe mzito kama uji, kisha huingia kwenye mafuta moto. Kwa kuwa kiazi kimeshaiva, kinachosubiriwa ni ganda tu, dakika nne au tano hivi. Mazungumzo yako yatoshee hapo. Ukiyasoma kwa sauti yakapita dakika tano, viazi vimeungua na mama wako hajui kazi yake. Mkono wake nao uonyeshe hali yake. Unga ukiwa mwepesi, ganda huteleza likabaki likielea peke yake. Mafuta yakiwa hayajapata moto, ganda hunyonya mafuta na kulegea. Mama anayemtazama mtoto muda mrefu kuliko karai ataharibu kimojawapo, na unaweza kulitumia hilo bila kuandika kwamba "alimhurumia".

Mama atajuaje kwamba huyu si mteja? Mteja hutazama ukubwa wa viazi na kuuliza bei. Mwenye njaa hufuata mkono unaogeuza. Mteja hukwepa moshi, lakini mtoto asiyetaka kuonekana husimama upande wa moshi kwa sababu hapo hapana mtu. Akija mnunuzi anarudi nyuma kumpisha, lakini haondoki. Dalili mbili zinatosha, ukiweka zote inakuwa orodha.

Tuione kazini:

"Sasa, kijana?"

Alihamisha mtungi kutoka mkono huu hadi ule. "Poa, anti."

"Maji yamerudi huko juu?"

"Bado. Kuna laini."

"Ndefu?"

"Imefika kwa kinyozi."

Mama Njeri aligeuza viazi kimoja kimoja. "Basi kuja upande huu. Huo moshi utakutoa macho."

Alisogea hatua mbili. Makanga mmoja akaingia katikati yao. "Mathe, vya hamsini. Pilipili mingi." Mama aliopoa viazi vitano, akavipasua, akatia pilipili, akafunga kwenye karatasi, akapokea noti. Kikabaki kimoja. Akakiweka kwenye karatasi nyingine, akanyunyiza chumvi, akanyoosha mkono huku macho yake yakiwa kwenye makaa.

"Shika. Ni moto."

"Sina pesa."

"Weka mtungi chini kwanza. Utashika na mkono gani?"

Maswali ya maji ni ya kweli: mama naye anahitaji kujua kama maji yamerudi, na mtoto ana habari ambayo mama hana. Kwa muda mfupi mtoto ndiye anayetoa. Linganisha na swali ambalo waandishi wengi hulikimbilia, "Wewe ni mtoto wa Mama nani?" Linasikika la upole, lakini mtaani ni swali la kumtambua. Mtoto anaona mama yake ataambiwa kwamba alionekana akizubaa kwenye vyakula vya watu, na anaondoka. Ukitaka hadithi ambayo mama anakosea, hilo ndilo kosa la kumpa, kwa sababu analifanya kwa nia njema.

"Sina pesa" ndiyo mahali pekee mtoto anapoomba, na anaomba kwa kukataa. Mama asijibu "Ni bure" wala "Usijali, nakupa". Maneno hayo yanalitaja jambo lenyewe mbele ya watu wanaopita. Jibu kuhusu mtungi linapokea alichosema na kuendelea na kazi.

Niliwaza kiazi kilichobanduka ganda, kile ambacho hakuna mnunuzi angekitaka. Nashauri kisitumike. Ukimpa mtoto kilichoharibika, mama hajapoteza chochote, na hadithi inageuka kuwa ya mabaki. Kiwe kizima, na wewe mwandishi ujue bei yake. Tuseme kilo 2 za viazi vidogo vimetoa viazi 20, kila kimoja shilingi 10: mauzo ni 200. Ukitoa viazi vyenyewe, unga, mafuta na makaa, tuseme anabaki na 60. Kiazi kimoja basi kimekula sehemu moja ya sita ya faida ya awamu hiyo. Hesabu hiyo isiingie kwenye hadithi, lakini ukiijua utaandika mkono uliosita kidogo juu ya karai kabla ya kuchukua karatasi ya pili, na msomaji ataiona bila kuambiwa.

Kuhusu mwisho, jaribu kukata kabla ya "asante". Shukrani inamrudisha mtoto kwenye deni ambalo mama ametumia dakika tano kuliondoa. Ukiona lazima aseme kitu, mwache aseme kuhusu laini ya maji: kwamba inasonga, kwamba ataenda kumshikia anti nafasi.