Upendeleo na variansi ya kikadiriaji cha uwiano

Swali: "Wastani wa y na wastani wa x kila mmoja hauna upendeleo. Kwa nini uwiano wao r = ȳ/x̄ unao, na variansi yake inapatikanaje?"

Chanzo cha tatizo ni asili ya sehemu hii, kwa kuwa x̄ nayo hubadilika kutoka sampuli hadi sampuli. Uwiano wa kweli, yaani wa wastani za kundi zima, tuuite R = Ȳ/X̄, na kwa kila kipimo tukokotoe masalio d = y − Rx. Bila kukadiria chochote, r − R = d̄/x̄. Kunyoosha ni kuiondoa x̄ iliyo chini na kuiweka X̄ isiyobadilika mahali pake: r − R ≈ d̄/X̄. Sasa tuna wastani wa kawaida uliogawanywa kwa namba thabiti, kwa hiyo variansi yake ni ile tuliyoizoea, yaani ya masalio, n ikiwa ukubwa wa sampuli, N ukubwa wa kundi zima na S_d² variansi ya d katika kundi hilo:

```
V(r) ≈ (1 − n/N) · S_d² / (n · X̄²)
```

Kwa kuwa wastani wa d katika kundi zima ni sifuri, umbo lililonyooshwa halioneshi upendeleo wowote. Upendeleo umejificha katika kile tulichokitupa. Ili kuupata, kumbuka kwamba r·x̄ ni ȳ yenyewe, ambayo wastani wake ni R·X̄, na kutokana na hilo upendeleo ni sawasawa na kovariansi ya r na x̄, ikigeuzwa alama na kugawanywa kwa X̄. Kama r hushuka kila x̄ inapopanda, upendeleo ni chanya.

Mimi sikuliamini jambo hili mpaka nilipoziandika sampuli zote kwa mkono. Chukua x: 2, 4, 6, 8 na y: 3, 4, 5, 8. Hapa R = 1, na masalio ni 1, 0, −1, 0. Sampuli sita za vipimo viwiliviwili hutoa r za 1.167, 1, 1.1, 0.9, 1 na 0.929, ambazo wastani wake ni 1.016, upendeleo, basi, ni 0.016. Kanuni hapo juu inatoa kosa sanifu la 0.082, ilhali la kweli ni 0.093. Kunyoosha kumelionesha kosa sanifu kuwa dogo kuliko lilivyo, na kwa sampuli ndogo mara nyingi ndivyo inavyokuwa, jambo ambalo programu ya kompyuta haikuambii.

Kipimo ninachokitumia ni kosa sanifu la x̄ likigawanywa kwa X̄, kwani upendeleo ukilinganishwa na kosa sanifu la r hauwezi kukizidi. Katika mfano wetu kipimo hicho ni 0.26, na upendeleo ni 0.17 ya kosa sanifu. Kikiwa chini ya 0.1, mimi huuacha upendeleo bila wasiwasi, maana hupungua kwa kasi ya 1/n wakati kosa sanifu hupungua kwa 1/√n tu.

Katika sampuli halisi R haijulikani, kwa hiyo masalio hukokotolewa kwa r. Nikiwa mgeni wa kazi hii niliwahi kutumia variansi ya y peke yake, nikapata kosa sanifu kubwa mno, kwa sababu nilikuwa nimeutupa uhusiano wa y na x.