Kichujio cha Kalman kwenye betri: kiziamini ampea au volti?

Ukipewa kazi ya kuandika programu ya kukadiria betri imebakiza asilimia ngapi, utakuwa na vipimo viwili, na kila kimoja kinakupotosha kwa namna yake.

Cha kwanza ni mkondo. Unajumlisha ampea zinazoingia na kutoka, basi. Kwa dakika chache hesabu hiyo ni nzuri mno. Ila kihisi kikisoma ampea 0.1 wakati hakuna kinachopita, baada ya saa 24 utakuwa umehesabu ampea-saa 2.4 ambazo hazikuwahi kuwepo. Kwenye betri ya ampea-saa 50 hiyo ni karibu asilimia 5, na kesho zinaongezeka nyingine 5.

Cha pili ni volti. Makosa yake hayalimbikizani hivyo, kwa sababu seli iliyotulia bila mzigo ina volti inayoendana na chaji iliyomo, na jedwali lake unaweza kulipima mwenyewe. Lakini seli ikiwa kazini, volti inashuka kwa sababu ya ukinzani wa ndani, na ukinzani huo hubadilika na joto na umri.

Kichujio cha Kalman hutembea na namba mbili: kadirio la chaji, na kiasi cha shaka juu ya kadirio hilo. Kila hatua kinatabiri kwa kutumia ampea, shaka ikipanda kidogo. Kisha kinajiuliza: kama utabiri wangu ni sahihi, nilitakiwa kusoma volti ngapi? Tofauti kati ya volti hiyo na iliyopimwa ndiyo inayosahihisha kadirio. Hapa chini soc ni kadirio la chaji, na K ni uzito tunaoipa tofauti hiyo.

```
K = P*H / (H*H*P + R)
soc = soc + K*(v_pima - v_tabiri)
P = (1 - K*H) * P
```

Tuchukue seli ya nikeli, manganizi na kobalti. Ampea zinasema chaji ni asilimia 60, shaka asilimia 5, kwa hiyo P, ambayo ni mraba wa shaka, ni 25. Jedwali linatoa volti 3.75. Seli inatoa ampea 10 na ukinzani ni miliomu 2, kwa hiyo toa volti 0.02: tunatarajia 3.73. Mita inasoma 3.70, pungufu ya milivolti 30. Kwenye eneo hili la jedwali kila asilimia moja ni milivolti 8; hiyo ndiyo H. Volti yenyewe tunaishuku kwa milivolti 20, kwa hiyo R ni 400. K inakuwa 200 kugawa kwa 2000, yaani 0.1. Kadirio linashuka kwa asilimia 3 hadi 57, na shaka inabaki kama asilimia 2.2.

Sasa weka seli ya LiFePO4, ambayo katikati jedwali lake ni karibu tambarare. Tuseme milivolti 0.5 kwa kila asilimia. Kwa tofauti ileile ya milivolti 30, marekebisho hayafiki hata asilimia 1, na shaka inabaki karibu ileile 5. Hakuna aliyekiambia kichujio kwamba volti hapa haina la kusema. Kimeiona H ndogo kikaipuuza. Ndiyo maana betri za aina hii zinahitaji kujazwa kabisa mara kwa mara: karibu na kujaa mstari unapinda, na hapo volti inakuwa na habari.

Lakini rudi kwenye zile milivolti 30. Zingeweza kuletwa na jambo jingine kabisa: kama ukinzani wa kweli ni miliomu 5 badala ya 2, ampea 10 zinatoa pengo lilelile hata chaji ikiwa 60 kamili. Kichujio hakiwezi kujua. Wewe unaweza. Chora tofauti hiyo pamoja na mkondo. Kama iko hasi betri inapotumika, ikageuka chanya inapochajiwa, kosa liko kwenye ukinzani. Ikibaki upande mmoja bila kujali mkondo unaelekea wapi, kagua jedwali na mita ya volti.

Kosa la namna hii lina madhara kuliko linavyoonekana, kwa sababu programu hurudia hesabu hii kila sekunde. Kichujio huchukulia kila usomaji kuwa na kelele yake mpya, wakati kosa la ukinzani ni lilelile likirudiwa. Baada ya dakika moja au mbili P imeshuka karibu na sifuri na kichujio kina uhakika mkubwa juu ya jibu bovu. Wengi huongeza R mpaka grafu ipendeze. Mimi napendelea kuufanya ukinzani wenyewe uwe namba ya pili inayokadiriwa, ujisahihishe kila mkondo unaporuka ghafla, maana hapo volti hubadilika papo hapo na chaji haijapata muda wa kubadilika.