Kupima desimali mwanzoni mwa muhula

"Nimewapima Darasa la Sita hapa Ilemela, nusu wamekosa desimali. Nirudie mada yote?"

Hapana mwalimu, angalia kwanza wamekosaje. Wape jozi mbili, wachague namba kubwa na waandike sababu: 0.4 na 0.35, kisha 0.4 na 0.65. Anayechagua 0.35 "kwa sababu 35 inazidi 4" anaisoma kama namba nzima, na jozi ya pili ataipata kwa sababu hiyohiyo mbovu. Anayechagua 0.4 kote anadhani fupi ndiyo kubwa. Usiyachanganye makundi haya mawili. Wa kwanza wapimie sato: kilo 0.4 ni gramu 400, 0.35 ni 350. Wa pili wapake rangi 0.4 na 0.65 kwenye mraba wa vyumba 100.

"Mimi huwaongezea sifuri tu, 0.40, wanapata."

Wanapata, ila waulize sababu.