Kuwekewa mbegu za mume kizazini: je, ndiye "mtoto wa chupa"?

*Sheikh, asalaam alaykum. Niko Kondoa, ndoa yetu ina miaka minne, hatujapata mtoto. Mke wangu ana miaka 29, mirija yake imepimwa iko wazi. Mbegu zangu ndizo pungufu kidogo. Daktari wa Dodoma ameshauri ziwekwe kwenye kizazi chake. Shangazi anasema huyo ni mtoto wa chupa, haramu. Tufanyeje?*

Wa alaykumus salaam. Shangazi amechanganya mambo mawili. Kwa mtoto wa chupa, mwanamke huchomwa sindano siku kadhaa ili mayai mengi yapevuke, yanavutwa nje, yanakutanishwa na mbegu kwenye kisahani maabara, kisha mimba changa hurudishwa kizazini baada ya siku tatu hadi tano. Mlichoshauriwa nyinyi hakigusi yai. Linabaki mwilini mwa mkeo, na mbegu zinalifuata huko huko kwenye mrija. Daktari anazifupishia safari tu: maabara inazisafisha, inachagua zenye mwendo, naye anazipitisha mlango wa kizazi kwa mpira mwembamba siku yai linapotoka. Ni dakika chache, bila nusu kaputi.

Ndiyo maana mirija ilipimwa kwanza. Ingekuwa imeziba yote miwili, mbegu zingefika kizazini na kukwama hapo, na kazi nzima ingekuwa bure. Hali kadhalika mbegu zikiwa chache mno: upungufu mdogo kama wako njia hii inaumudu, mkubwa hapana.

Tukija kwenye hukumu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilipokaa Amman mwaka 1986, halikuona ubaya katika njia zote mbili kwa wenye haja, maadamu mbegu ni za mume, yai ni la mke, kizazi ni chake mwenyewe. Akiingia mtu wa tatu, ni haramu. Ndoa ikivunjika au mume akifa, ruhusa imekwisha.

Kwa hiyo hofu yangu iko kwenye kikopo utakachowekea mbegu zako. Nasaba ya mtoto inategemea lebo ile! Andikeni majina yenu wote wawili kabla hujakitumia, na kabla ya kuwekewa mkeo aombe asomewe tena. Usikitoe Kondoa: mbegu zinatakiwa zifike maabara ndani ya saa moja, na barabara ile unaijua. Tumieni faragha ya hospitali, mkeo akusaidie, hapo hakuna shaka ya kujichua. Kondomu ya kawaida msitumie, inaziharibu. Josho lako la janaba liko pale pale. Akipatikana daktari mwanamke, ndiye wa kutangulizwa.

Jueni pia kwamba kila jaribio, mara nyingi ni kama wanandoa kumi wakijaribu, mmoja ndiye anayeshika mimba. Baada ya matatu au manne, huenda daktari akawaambia mhamie kwenye chupa. Hapo nayo, kwa masharti yale yale, shangazi asiwatishe.