Kipimo cha pili cha dakti ndicho kinachosema kweli

Swali: Tunafunga dakti za kuingiza hewa kwenye ukumbi mkubwa hapa Dodoma. Mgandamizo baada ya feni ni paskali 800. Tumepima kipande cha mita za mraba 120. Kwanza kilivuja lita 76 kwa sekunde, tulipozima na kuwasha tena kikawa 97. Fundi anasema tuandike 76, tena kwa daraja A tumefaulu kwa mbali. Ni sawa?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, kwa yote mawili.

Daraja hufuata mgandamizo, si ukubwa wa bati. Kwa utaratibu wa DW/144, mwongozo wa Uingereza wa dakti za bati, daraja A huishia paskali 500, na B hufika 1,000. Kwa hiyo shina lenu linalotoka kwenye feni ni daraja B. Matawi yaliyo mbali, ambako mgandamizo umeshuka chini ya 500, yanaweza kubaki A, na hapo mtaokoa gharama.

Kikomo cha daraja B, kwa lita kwa sekunde kwa kila mita ya mraba, ni:

```
0.009 × 800^0.65 = 0.69
```

Kwa mita za mraba 120 ni kama lita 83 kwa sekunde. Kwa hiyo 76 ingepita, ila 97 haipiti, na 97 ndiyo inayohesabika. Mkishafikisha paskali 800, mnaushikilia mgandamizo dakika 15 mkiangalia kama uvujaji unapanda. Kisha mnazima feni mpaka sifuri na kuupandisha tena papo hapo. Kipimo kikiongezeka, kuna kiungo kilichoachia.

Ninashuku sili haijakauka. Kwenye jua na ukavu wa Dodoma juu yake hushika ngozi upesi, ukiigusa unadhani imekomaa, kumbe ndani bado ni laini. Mgandamizo wa kwanza huipasua. Sababu nyingine ni vumbi: sili iliyopakwa juu ya bati lisilopanguswa hushika vumbi badala ya bati. Jaribuni kuibandua kwa ukucha. Ikitoka kama utepe, na upande wa chini ni mwekundu kwa vumbi, mmepata jibu.

Washeni feni ya kupimia tena, mpake maji ya sabuni kwenye viungo. Anzeni na kona nne za kila flenji, kwa sababu gasketi hupita kwenye pande zilizonyooka na kuacha mwanya pale kona inapoingia. Kona hizo zijazwe sili kwa ndani kabla ya kubana bolti. Pitieni pia mishono ya urefu, matundu ya ribiti na mahali fito za kukazia zinapotoboa bati. Hapo watu husahau sana.

Bandueni sili mbovu yote, futeni bati kwa kitambaa safi, pakeni upya, muiache ikauke kwa saa zilizoandikwa kwenye kopo. Kisha rudieni kipimo chote, vile viwili. Kipande hicho kisivishwe sufi ya kuhami joto mpaka namba ya pili ikae chini ya 83.