Tivii ya ofisini inayojisasisha kila dakika: bili ya BigQuery na vikomo vya API

Swali la mleta uzi: "Wakuu, bosi anataka dashibodi ya mauzo kwenye tivii ya ofisi, namba zijisasishe kila dakika. Data kubwa iko BigQuery, nyingine ziko Google Sheets za matawi. Itakula hela kiasi gani, na muda gani wa kusasisha unafaa?"

Mkuu, mimi jambo hili lilinikuta kama lilivyo. Tulikuwa kampuni ya kusambaza vifurushi Dar, matawi 14, na tivii moja ukutani inayoendeshwa na Grafana, programu ya kuonyesha dashibodi. Nikaiweka kila dakika. Siku ya tisa nilipofungua ukurasa wa bili nilikuta dola mia nne na sitini na kitu. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, na lilitokana na kutoelewa BigQuery inalipisha nini.

Ukiwa kwenye malipo ya kadiri unavyotumia, BigQuery inahesabu ukubwa wa data iliyosomwa ili kupata jibu. Ukubwa wa jibu hauhusiki. Bei ya Marekani ni dola 6.25 kwa kila TiB, yaani GiB 1,024, na TiB ya kwanza ya kila mwezi ni bure. Namba moja tu kwenye skrini, "vifurushi vya leo", inaweza kuwa imesoma safu wima nzima ya miezi 18 iliyopita. Na ukiongeza `LIMIT 10` kwenye jedwali la kawaida hujapunguza kitu, safu inasomwa yote.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Vidirisha vitano vya dashibodi, kila kimoja kinasoma GiB 1.2, jumla GiB 6 kwa kila kusasisha. Siku ina dakika 1,440, na tivii hakuna aliyekuwa anaizima usiku. Hiyo ni GiB 8,640, yaani TiB 8.4 hivi, karibu dola 53 kwa siku. Ningeiacha mwezi mzima ingepita dola 1,500, kwa tivii ambayo kuanzia saa mbili usiku anaitazama mlinzi tu.

Utasema, si BigQuery inahifadhi majibu kwa saa 24 na kuyatoa bure? Ndiyo, lakini kwa masharti: maandishi ya swali yawe yaleyale herufi kwa herufi, na jedwali lisiwe limebadilika. Grafana ukiiambia "saa 24 zilizopita", kila inapouliza inaandika saa na sekunde mpya ndani ya SQL. Kwa hiyo kila dakika ni swali jipya na hifadhi haitumiki hata mara moja. Ukitumia `CURRENT_TIMESTAMP()` mambo ni yaleyale.

Kabla hujaweka chochote ukutani, pima kila swali bila kuliendesha. Kipimo hiki hakilipishwi:

```
bq query --dry_run --use_legacy_sql=false 'SELECT ...'
```

Kama dashibodi tayari inafanya kazi, angalia nani anakula. Badilisha `region-us` uweke eneo la data yako:

```sql
SELECT user_email, COUNT(*) AS mara,
  SUM(total_bytes_billed)/POW(1024,4) AS tib
FROM `region-us`.INFORMATION_SCHEMA.JOBS_BY_PROJECT
WHERE creation_time > TIMESTAMP_SUB(CURRENT_TIMESTAMP(), INTERVAL 7 DAY)
GROUP BY user_email ORDER BY tib DESC
```

Kwangu akaunti ya Grafana ilikuwa juu kabisa, wengine wote kwa pamoja hawakuifikia hata robo.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuligawa jedwali kwa siku, ili swali la leo lisome kipande cha leo tu. Kidirisha kikashuka kutoka GiB 1.2 hadi MB mbili tatu. Hapo nikakutana na jambo jingine: kuna kima cha chini cha MB 10 kwa kila jedwali linaloguswa na swali. Hata ukisoma MB 2 unalipishwa 10. Vidirisha vitano kila dakika kwa mwezi ni TiB 2 na kidogo, ukitoa ile ya bure inabaki kama dola 7. Kutoka 1,500 hadi 7 bila kugusa muda wa kusasisha! Angalizo kwa wa huku kwetu: vipande vya siku vinakatwa kwa saa za UTC, yaani siku mpya inaanza saa tisa usiku yetu. Ukichuja kwa kipande cha leo peke yake, mauzo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yanabaki kwenye jana. Soma vipande viwili, kisha uchuje kwa saa ya hapa.

Sasa Google Sheets. Kule hulipii, ila kuna kikomo: maombi 60 ya kusoma kwa dakika kwa mtumiaji mmoja, na 300 kwa mradi mzima. Watu wengi wanajipa moyo na ile 300, wakisahau kwamba skripti inayotumia akaunti moja ya huduma inahesabiwa kama mtumiaji mmoja. Skripti yangu ilisoma sehemu sita za kila tawi, 14 mara 6 ni 84. Dalili yake ilinichanganya kwa siku mbili: Tandika, Tegeta, Temeke na Ubungo hazikuwa na namba, mengine yote sawa. Nikawapigia simu mameneja wa matawi nikidhani hawajajaza. Kumbe skripti ilikuwa inafuata alfabeti, matawi kumi ya mwanzo yanamaliza maombi 60, na manne ya mwisho yanapata `429`, yaani yanakataliwa kwa sababu maombi yamezidi. Tena niliiandika ijaribu upya papo hapo ikikataliwa, ikawa inagonga mlango uliofungwa mfululizo. Nilihamia `spreadsheets.values.batchGet`, inayochukua sehemu zote sita kwa ombi moja, yakabaki maombi 14. Ikipata `429` inasubiri sekunde 1, 2, 4, 8, na kila mara inaongeza kipande kidogo cha muda wa bahati nasibu.

Kuhusu muda wenyewe, kaulize mambo mawili. La kwanza, data inaingia BigQuery kila baada ya muda gani? Yetu ilikuwa inapakiwa kila dakika 15, kwa hiyo nilikuwa nalipia namba ileile mara 15. La pili, nani anafanya nini namba ikibadilika? Mpangaji wetu wa bodaboda aliniambia anahamisha vijana kila nusu saa. Chukua kile kirefu kati ya hivyo viwili. Sisi tuliweka dakika 15 badala ya 30 kwa sababu tu kwa kima cha MB 10 ilikuwa ndani ya TiB ya bure. Kama upakiaji unaisha dakika ya tatu, sasisha ya tano, la sivyo utakuwa nyuma kwa mzunguko mzima.

Kwenye `grafana.ini`, chini ya `[dashboards]`, weka `min_refresh_interval = 15m`, maana kila anayefungua dashibodi kwenye kompyuta yake anatuma maswali yake mwenyewe. Na upande wa BigQuery weka kikomo cha baiti kwa swali (`maximum_bytes_billed`) pamoja na kikomo cha mradi kwa siku. Tahadhari ya bajeti inakutumia barua pepe tu, haizimi kitu.

Bosi wangu naye aling'ang'ania dakika moja. Nilipomdadisi, kumbe shida yake ilikuwa hajui kama namba anazoziona ni za sasa au za asubuhi. Nikaweka kwenye kona "Data ya saa 4:15", hajauliza tena. Ila hiyo saa usiipate kwa `MAX` bila kuchuja tarehe, nayo inasoma safu nzima.